Kwa Nini Suti Hung'aa Viwiko na Koti la Twidi Haling'ai

Lebo ya ndani ya koti ikisema "asilimia 100 sufu", wateja wengi huridhika hapo hapo, na wauza mitumba wa Memoria kule Moshi au Gikomba jijini Nairobi wanajua kwamba maneno hayo yanapandisha bei. Mimi kazi yangu ni kurekebisha nguo, suti na masweta zaidi, na lebo hiyo hunipa nusu tu ya habari ninayoitaka. Inanijulisha kwamba nywele zilitoka mgongoni mwa kondoo. Hainijulishi zilipangwaje kabla ya kusokotwa kuwa uzi, na hapo ndipo inapoamuliwa kama nguo itang'aa viwiko au itaota upara, kama itateleza mwilini au itakwaruza, na kama siku ikitumbukizwa kwenye maji ya moto itatoka ikiwa bado ya mtu mzima au itamfaa mtoto wa darasa la kwanza.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya kuchana, na uzi wake huitwa wosted, kwa jina la kijiji cha Worstead kilichoko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ambako wafumaji wa zama za kati walijulikana kwa kitambaa cha aina hiyo. Ya pili ni ya kuchambua, na uzi wake huitwa wuleni. Kondoo anaweza kuwa mmoja, na fundi wa kusokota akawa mmoja. Tofauti inaanzia mezani, kabla msokoto wa kwanza haujaingia.

Kwenye kuchana, sufu iliyooshwa hupitishwa kwenye meno ya chuma yanayofanya mambo mawili kwa pamoja. Hunyoosha nywele ndefu mpaka zilale sambamba, zote zikielekea upande mmoja, na huziondoa zile fupi pamoja na vifundo na takataka. Kinachobaki ni utepe mrefu, laini, unaong'aa kidogo, na ndani yake kila unywele umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Utepe huo huvutwa na kuunganishwa na mwenzake, ukavutwa tena, hadi unakuwa mwembamba wa kusokotwa. Fikiria nywele za kichwani zilizochanwa vizuri kisha zikasukwa: msuko unakaza, unateleza mkononi, wala hakuna kinachochomoza pembeni. Kwa karne nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa mikono, kwa vitana vizito vilivyopashwa moto, na watu wake walikuwa mafundi wa kuheshimiwa. Katikati ya karne ya 19 mashine za kuchania ziliwaondoa, na mji wa Bradford kule Yorkshire ukakua kwa kazi hiyo moja.

Kwenye kuchambua hakuna kinachonyooshwa. Sufu hupita kati ya magurudumu makubwa yaliyofunikwa sindano fupi za waya, moja likizunguka kwa kasi na mengine yakiinyang'anya na kuirudisha. Mabonge yanafumuka, nywele zinatawanyika na kuchanganyikana, ndefu kwa fupi, zikielekea kila upande. Mwishoni linatoka tandabui jepesi la sufu, ambalo hugawanywa kuwa vipande vyembamba kwa urefu, vikasuguliwa kidogo ili vishikane, kisha vikasokotwa. Uzi huo umejaa hewa. Nywele zake zimejikunja na kupishana ndani, na ncha nyingi zinachungulia nje.

Kwa hiyo nywele fupi zilizoondolewa na kitana hazitupwi. Zinauzwa kwa watu wa kuchambua, kwa sababu kwao ufupi si kasoro. Hata nguo kuukuu zinaingia hapo. Mwaka 1813 huko Batley, karibu na Bradford, Benjamin Law alianza kurarua matambara ya sufu yarudi kuwa nywele, akayachanganya na sufu mpya, akapata uzi. Mji wa Prato, Italia, unafanya biashara hiyo mpaka leo: masweta yaliyovaliwa Ulaya hupangwa kwa rangi, yanararuliwa, yanasokotwa upya. Nywele iliyoraruliwa imekatika, haina tena urefu wa kuchanwa. Ndiyo maana ukiona lebo inayosema sufu iliyorejelezwa, kwa kawaida huwa unashika uzi wa kuchambua, mara nyingi umetiwa nailoni kidogo ili usikatike ovyo.

Mteja mmoja, wakili, aliniletea nguo mbili kwa pamoja akiwa na swali moja. Suti ya rangi ya bluu iliyokolea, na koti la twidi, kile kitambaa kinene cha sufu chenye manyoya, la kahawia lenye chembechembe za kijani na chungwa ukilitazama kwa karibu. Zote mbili lebo yake ilisema sufu tupu. Suti ilikuwa imeng'aa makalioni, mapajani, mgongoni na viwikoni mpaka ilionekana kama imepakwa mafuta. Koti la twidi halikung'aa popote, lakini kiwiko cha kulia kilikuwa chepesi kiasi cha kuona mwanga ukipita, na ukingo wa mkono ulikuwa umefumuka. Alitaka kujua ipi ilikuwa sufu ya kweli, maana aliamini sufu ya kweli haing'ai.

Nilimjibu kwa kumwonyesha. Kwa ndani, kwenye akiba ya mshono, kitambaa kinakuwa hakijavaliwa na unaweza kuvuta uzi mmoja bila kuharibu kitu. Wa suti ulitoka mrefu, mwembamba, mlaini, nao ulikuwa nyuzi mbili zilizopotwa pamoja. Nilipoufungua msokoto, nywele zililala sambamba, na nilipouvuta pande mbili ziliteleza polepole kabla ya kuachana. Zile zilizobaki vidoleni zilikuwa ndefu, za sentimita kadhaa kila mmoja. Wa twidi ulikuwa mnene, wenye manyoya, uzi mmoja tu usio na mwenzake. Nilipoulegeza msokoto ulikatika bila kubisha, na ncha yake ikabaki kama kipande cha pamba: nywele fupi zimejikunja, moja nyekundu, moja ya kijani, nyingine kahawia. Hizo rangi nyingi ndani ya uzi mmoja mara nyingi ni alama ya kuchambua. Sufu ilitiwa rangi kwanza, ikachanganywa kwenye magurudumu, ndipo ikasokotwa. Twidi ya Harris hutengenezwa hivyo, kwenye visiwa vya magharibi mwa Uskoti, na sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1993 inataka ifumwe na mwananchi wa visiwa hivyo nyumbani kwake.

Zote mbili, basi, zilikuwa sufu. Jaribio la kuchoma uzi kwa kiberiti halingemsaidia, kwa sababu linatenganisha sufu na poliesta tu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka ikaacha tone gumu. Kati ya kuchana na kuchambua, moto hausemi chochote.

Sasa mng'ao. Kitambaa cha uzi uliochanwa kina uso ulio wazi. Ukikitazama unaona mistari ya mshazari, unaona mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, unaweza hata kuzihesabu nyuzi. Hakuna manyoya ya juu yanayoupokea msuguano, kwa hiyo kiti cha ofisi, meza na mkanda wa gari vinasugua uzi wenyewe. Nywele zake zimelala upande mmoja, na zikilazwa bapa kwa pamoja zinakuwa kioo kidogo, mwanga unarudi wote kwa mara moja. Twidi haiwezi kufanya hivyo. Nywele zake zinatazama kila upande, mwanga unatawanyika, na msuguano unaanza kwa kula yale manyoya ya juu. Ila ndani ya manyoya hayo kuna uzi dhaifu zaidi, ulioshikiliwa na nywele fupi zenye msokoto mdogo. Yakishaisha, kitambaa kinapungua haraka hadi kupasuka. Suti inakuonya kwa miaka kabla haijatoboka. Twidi inaonekana nzima, kisha siku moja kiwiko kinatoka.

Mng'ao wa suti nao uko wa aina mbili, na tofauti hii inaokoa suti nyingi ninazoletewa. Mwingine umetokana na pasi. Pasi ya moto ikiwekwa moja kwa moja juu ya sufu iliyochanwa, na pasi ya mkaa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu joto lake halipimiki na uzito wake ni mkubwa, nywele zinalazwa bapa kama zilivyo. Hizi huweza kuinuka. Naweka kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa juu ya sehemu inayong'aa, naigusa pasi juu yake bila kukandamiza mpaka mvuke upande, naondoa, kisha kabla unyevu haujaisha napiga brashi kinyume cha ulazi wa nywele. Mng'ao ukipungua, ulikuwa wa pasi. Ukibaki vile vile baada ya kurudia, basi nywele zenyewe zimesuguliwa zikaisha magamba yake, na hakuna mvuke wala dawa ya kuyarudisha. Suti ya wakili ilikuwa na yote mawili: mapaja na mgongo vilirudi vizuri, makalio hayakurudi.

Koti la twidi halikuhitaji mvuke. Lilihitaji ngozi. Viraka vya viwiko unavyoviona kwenye makoti ya aina hiyo viliwekwa hapo kwa sababu hii hii, na ukingo wa mkono hufungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi laini unaopinda pande zote mbili. Kabla ya kushona kiraka naimarisha sehemu iliyopungua kwa kupitisha nyuzi kwa sindano, na hapo natumia uzi uliochanwa, kwa kuwa uzi wa kuchambua unakatikia kwenye tundu la sindano ukiuvuta mara chache tu. Hata wasusi wa masweta wanalijua hilo: sweta la uzi wa kuchambua huunganishwa mishono kwa uzi mwingine wenye nguvu.

Kuna watakaoniuliza kuhusu namba zinazoandikwa kwenye pindo la suti, ile Super 100 au Super 150. Namba hiyo inapima wembamba wa unywele, haisemi lolote zaidi. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la sufu, Super 100 haizidi mikroni 18.75, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita, Super 120 haizidi 17.75, na Super 150 haizidi 16.25. Kadiri namba inavyopanda, kitambaa kinakuwa laini na kinaanguka vizuri mwilini, lakini kinachakaa mapema na kinashika mikunjo. Kwa mtu anayevaa suti siku nne kwa wiki na kupanda daladala, mimi humshauri abaki kwenye 100 au 110, na atazame msokoto kuliko namba. Uzi uliochanwa ukasokotwa kwa nguvu sana, kisha ukafumwa kwa uwazi, hutoa kitambaa kikavu mkononi, kinachopitisha upepo na kujinyoosha chenyewe ukikitundika usiku. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa sijaona sufu nyingine inayofaa suti kuliko hiyo. Ukikishika unahisi kinakwaruza kidogo kama mchanga mwembamba, na watu wengi hukiacha sokoni kwa sababu hiyo wakachukua kilaini kitakachowatesa.

Flaneli ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Ile ya kijivu ya suruali yenye ukungu juu yake kwa desturi ni ya kuchambua: imefumwa, kisha ikasinyazwa kwa makusudi katika maji, sabuni na kugongwagongwa, mpaka nywele zikashikana na mistari ya ufumaji ikapotea. Lakini ipo pia flaneli ya uzi uliochanwa, iliyopigwa brashi kidogo juu ili ipate sura hiyo hiyo. Ni imara zaidi magotini na haipanuki, ingawa haina ule ulaini wa kina. Ukiikunja dhidi ya mwanga, mistari bado inaonekana chini ya ukungu. Kwa suruali ningechukua hii. Kwa koti ningechukua ile ya kwanza bila kusita, kwa sababu koti haliketiwi.

Kule kusinyaza kwa makusudi ndiko kunakotupeleka kwenye masweta, maana kinachofanywa kiwandani kwa mpango ndicho kinachotokea kwenye ndoo nyumbani bila mpango. Unywele wa sufu una magamba yanayotazama upande mmoja. Ukilowa, ukapata joto, kisha ukasukumwasukumwa, kila unywele unasogea mbele na kukwama kwa mwenzake, haurudi nyuma. Kinachohitajika ni nafasi ya kusogea. Uzi uliochanwa na kukazwa hautoi nafasi hiyo sana. Uzi wa kuchambua, wenye hewa na nywele zilizolegea, unaitoa tele, na kwenye sweta lililosukwa vitanzi vyenyewe vimelegea.

Jirani yangu alikuwa na masweta mawili ya mitumba ya saizi moja. Moja lilikuwa jembamba la merino, kondoo wa nywele nyembamba, la uzi uliochanwa, laini na zito kidogo mkononi, la baridi ukiligusa mara ya kwanza. La pili lilikuwa la Shetland, la uzi wa kuchambua, nene na jepesi, lenye manyoya. Kijana wa kazi aliyaloweka pamoja kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, akayafikicha kama anavyofikicha shati la shule, akayakamua kwa kuyapindua. La merino lilitoka limelegea na kurefuka mikono, ila likavalika. La Shetland lilitoka dogo, gumu, vitanzi vyake havionekani tena, na ukilikata kwa mkasi halifumuki. Hilo halirudi. Unaweza kulilowesha na kulivuta upate sentimita moja au mbili, lakini nywele zilizogandana zimegandana.

Inawezekana kabisa kwamba lile la merino lilikuwa limetibiwa kiwandani. Masweta mengi yanayoruhusiwa kuingia kwenye mashine ya kufulia yamepunguzwa magamba kwa klorini na kufunikwa utando mwembamba wa plastiki. Hayagandani, ila huelekea kurefuka yakitundikwa yakiwa mabichi, na ndicho kilichotokea kwa ile mikono.

Ufuaji ninaousimamia ni mmoja kwa aina zote mbili, na tofauti inakuja baadaye. Maji ya uvuguvugu mdogo, ambayo mkono hauyahisi kuwa ya moto wala ya baridi, na ya kusuuzia yawe ya joto lile lile. Shampuu ya nywele kidogo, kwa sababu sufu ni nywele. Sabuni ya unga ina magadi yanayoiumiza sufu, na nyingi zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini kama damu na maziwa. Sufu yenyewe ni protini, kwa hiyo vinaila nayo. Loweka, bonyeza, acha itulie, bonyeza tena. Usifikiche. Kisha lizungushie sweta taulo na ulikanyage litoke maji, ulilaze bapa kivulini kwa umbo unalolitaka.

Sweta la kuchambua likikauka hivyo linachanua. Nywele zinafunguka, vitanzi vinajaa, linakuwa laini kuliko lilivyokuwa, maana mafuta yaliyotiwa wakati wa kusokota yanaendelea kutoka. La merino halibadiliki hivyo, linarudi lilivyokuwa. Ndiyo maana sweta la Shetland jipya linalokwaruza dukani linastahili kuoshwa kabla ya kuhukumiwa. Lakini kuna mpaka. Kuwashwa kwa ngozi kunatokana na ncha za nywele nene, za mikroni 30 hivi na kuendelea, zisizopinda zikigusa mwili. Kuchambua kunaacha ncha nyingi nje, na kuosha hakupunguzi unene wa unywele. Ikiwa shingo yako haivumilii, vaa shati ndani.

Vijitonge vya manyoya vinavyoota kwapani na ubavuni vina tabia inayofanana. Kwenye sweta la kuchambua vinakuja vingi mwanzoni, nywele fupi zikitoka na kujiviringisha, na watu hudhani wameuziwa kitu kibovu. Vikate kwa wembe au kimashine chake, usivivute, kwa sababu kuvuta kunatoa nywele mpya kutoka ndani ya uzi. Kama sufu ni nzuri vinapungua baada ya miezi ya kwanza. Visipopungua mwaka mzima, nywele zilikuwa fupi kupita kiasi na sweta linajila lenyewe. La uzi uliochanwa huota vichache, isipokuwa lile laini sana lisilokazwa, ambalo huota kama mwenzake, na vyake hushikilia kwa muda mrefu kwa sababu nywele zake ndefu hazikatiki upesi kuvidondosha.

Kwa baridi ya Arusha mwezi Julai, au Makete na Njombe kunakoganda umande, sweta la kuchambua linakupa joto zaidi kwa uzito mdogo, kwa sababu ya ile hewa. Hewa hiyo hiyo inapitisha upepo. Ukipanda bodaboda asubuhi na sweta la Shetland peke yake utatetemeka, na ukivaa koti jembamba la kuzuia upepo juu yake utatoa jasho. Merino jembamba linafaa ndani ya suti, ambako la Shetland lingejaza mikono na kuvuta mishono ya bitana.

Suti yenyewe usiifue kabisa. Sufu yake pengine ingestahimili maji, lakini ndani kuna kanvasi, gundi na bitana, na kila kimoja kinasinyaa kwa kiwango chake. Ipige brashi kila ukiivua, ining'inize kwenye hanga lenye mabega mapana, na uipe siku moja ya kupumzika kabla ya kuivaa tena. Twidi nayo ipigwe brashi, kwa nguvu zaidi na mpaka chini ya kola, kwa sababu manyoya yake ndiyo yanayoficha vumbi na mayai ya nondo. Viwavi vyake hula penye jasho na chakula kwanza. Kabla ya kuifungia kabatini kwa miezi ya joto, itoe juani saa chache, igeuze mifuko nje na uitikise makombo, kisha itie kwenye mfuko wa kitambaa unaofunga vizuri. Kwenye suti utaliona tundu la nondo siku hiyo hiyo kwa kuwa uso wake ni wazi. Kwenye twidi pitisha kiganja polepole: penye upara wa ghafla usio kwenye kiwiko wala ukingoni, hapo paangalie kwa ndani ukiielekeza dirishani.